Mama Kioo na Glavu za Ndani

Umejigusa uso mara ngapi tangu uamke? Usinijibu haraka. Jibu lolote utakalotoa ni la kubuni, kwa sababu hujui. Mimi sijui langu, na daktari mwenye vyeti ukuta mzima hajui lake. Mkono hupanda wenyewe. Unafikicha jicho, unakuna pua, unashika kidevu ili uonekane unafikiri, na maisha yanaendelea. Nimefanya kazi mahali ambapo jambo hilo dogo lilikuwa linaua watu. Aliyenifundisha kuliogopa ni mwanamke mmoja ambaye nataka umjue, maana magazeti yalipokuja kuandika habari zetu yalimpiga picha daktari mkuu, yakalipiga picha gari jipya la wagonjwa, yakaondoka zao.

Tulimwita Mama Kioo. Alikuwa muuguzi, mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha unyamaze ili uisikie. Jina lile alilipata wiki ile homa ilipoingia mjini kwetu na hospitali ikalizungushia uzio jengo la nyuma. Viongozi walileta ndoo, klorini, na katoni za vifaa vya kujikinga, wakapiga hotuba. Hakuna aliyekumbuka kuleta kioo. Kesho yake asubuhi muuguzi huyu akashuka kwenye pikipiki ya abiria akiwa amekumbatia mlango mzima wa kabati lake la nguo, ule wenye kioo kirefu, ameufunga kwa shuka ya maua.

“Mtu anayevua vifaa hivi bila kioo,” aliwaambia walinzi waliokuwa wanamcheka, “ni sawa na anayenyoa ndevu gizani kwa panga.”

Homa yenyewe haikusafiri kwa upepo. Ilisafiri kwa majimaji ya mgonjwa: damu, matapishi, jasho. Ilitafuta jicho, pua, mdomo, au mchubuko wa ngozi. Kwa hiyo kati yako na hiyo homa palikuwa na plastiki, mpira na akili yako. Plastiki na mpira vilitoka kwenye katoni. Akili ilitoka kwa Mama Kioo.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea elimu ya afya ya jamii, nimejaa maneno makubwa. Nilikwenda pale nikitaka kuokoa taifa. Siku ya kwanza Mama Kioo alinipa kazi ya kuvaa glavu. Nikavaa, nikavua, nikavaa tena, mpaka nikaona haya.

Darasa lake lilikuwa chini ya turubai nyuma ya stoo. Tulikuwa wachache: wauguzi wawili watatu, wafagiaji, mimi, na jamaa mmoja mrefu aliyekuwa mpuliza dawa ya mbu wa manispaa kabla ya kuletwa kwetu kupuliza klorini. Huyo tulimwita Mpulizaji. Mdomo wake haukuwa na breki.

“Kuvaa si tatizo,” Mama Kioo alianza. “Unavaa ukiwa umepoa, umekunywa chai, akili yako iko hapa. Unavua saa, pete, hereni, simu unaiacha. Unavaa nguo za kazi na buti. Unanawa. Glavu za ndani. Halafu ovaroli, na mkono wa ovaroli upande juu ya glavu ya ndani. Barakoa. Miwani. Kofia ya kufunika kichwa na shingo. Aproni. Mwisho glavu za nje, ndefu, na hizi ndizo zinazopanda juu ya mkono wa ovaroli. Kwa nini?”

“Ili jasho lisitoke,” Mpulizaji akasema.

“Jasho lako halina shida na mtu, kaka yangu, ila wanaokaa karibu nawe. Ili uchafu usiteremke ukaingia ndani. Kila kitu kinafunika mlango wa mwenzake. Halafu unainama, unachuchumaa, unanyoosha mikono juu. Kitu kikiachia, kiachie hapa nje. Mwenzako anakuzunguka anakukagua, anakuandika jina kifuani, kwa sababu ukishavaa hivyo hata mama yako mzazi hakujui.”

Baada ya hapo alituonyesha jambo ambalo sikulipata chuoni katika kurasa zote nilizokariri. Alichukua bluu ya kufulia nguo, akaichanganya na mafuta ya mgando, akampaka Mpulizaji kwenye glavu za nje na kifuani pa aproni akiwa amevaa kila kitu. “Hii ndiyo damu,” akasema. “Haya, vua. Sitakusaidia.”

Mpulizaji akavua kama mtu anayekimbilia basi. Akajichomoa, akajifuta, akatupa huku na huku, akasimama anatabasamu na mikono mitupu. “Nimemaliza mapema kuliko wote. Nipeni soda yangu.”

“Njoo kwenye kioo.”

Tulicheka mpaka mfagiaji mmoja akakaa chini. Jamaa alikuwa na bluu kwenye sikio, bluu kwenye kope, alama ya vidole vitatu shingoni kama amekabwa, na mstari mmoja mwembamba kwenye mdomo wa chini.

“Shemeji atauliza hayo ya shingoni,” mfagiaji akamwambia.

“Mwambieni ni kazi ya serikali!”

Mama Kioo hakucheka. Alisubiri tumalize, kisha akaonyesha kwa kidole, bila kumgusa, alama moja baada ya nyingine. Za shingoni: alitafuta zipu bila kuinua kichwa wala kujitazama, akapapasa. Ya kwenye kope: aliikamata miwani kwa mbele, sehemu iliyorushiwa uchafu wote, badala ya kuvuta mpira wake kutoka kisogoni. Ya sikioni: alivua barakoa mapema, kwa sababu alihisi anakosa hewa, wakati kichwani bado kuna kofia chafu. Ya mdomoni alijipaka mwenyewe, alipojifuta mdomo akitabasamu.

“Wewe umeshakufa,” akamwambia kwa upole kabisa. “Na mkeo, kwa sababu umefika nyumbani. Kaa chini upumzike, tutakufufua baada ya chai.”

Kisha akatuvulia yeye. Sijawahi kuona mtu akivua nguo kwa heshima namna ile. Alinawa mikono yenye glavu kwenye maji ya klorini, akasubiri, ndipo akafungua aproni, akaivua akiwa ameinama mbele ili isimguse, akaidondosha kwenye pipa. Akanawa. Akaitoa kofia, taratibu, kutoka nyuma. Akanawa. Akasimama mbele ya kioo, akainua kidevu juu, akaikuta zipu kwa macho ya kwenye kioo, akaishusha. Akatoa mabega, na alipokuwa anachomoa mikono, glavu za nje zikatoka pamoja na ovaroli, akabaki na za ndani. Kuanzia hapo akashika upande wa ndani tu wa ovaroli, ule ulio safi, akaikunja kuelekea chini kama anayekunja mkeka, mpaka kwenye buti, akaikanyaga ikatoka. Hakuikung’uta. “Ukikung’uta umewarushia wenzako,” alisema. Akanawa. Akafumba macho, akainama, akavuta mpira wa miwani kutoka nyuma. Akanawa. Barakoa, kamba ya chini kwanza, halafu ya juu, bila kugusa mbele. Akanawa. Buti akazitoa bila kuzishika. Akanawa. Ndipo glavu za ndani: ya kwanza aliibana kwa nje na kuigeuza, ya pili akaingiza kidole kwa ndani, ngozi kwa ngozi, akaisukuma. Akanawa mikono mitupu.

Akajigeuza mbele yetu. Hakuwa na hata tone la bluu.

“Mnanawa katikati ya kila hatua kwa sababu kila mnachokigusa kimewaachia kitu,” akasema. “Na tunaanza na kilicho kichafu zaidi, tunamaliza na kilicho karibu na uso. Uso mnautunza mpaka mikono iwe imekwisha kuwa salama. Lakini nisikilizeni vizuri. Watu hawafi kwenye aproni. Aproni kila mtu anaiogopa. Watu wanakufa mwishoni, wakibakiza miwani na barakoa na glavu za ndani, kwa sababu mwili bado uko hapa lakini roho imeshafika nyumbani.”

Nilipangiwa kazi ya mtazamaji. Chumba cha kuvulia kilikuwa na mstari mwekundu sakafuni. Upande mmoja anasimama anayetoka wodini. Upande wa pili, mbali kidogo, mtazamaji, anayemsomea hatua moja moja na kumwangalia mikono. Mtazamaji hamgusi anayevua, hata akianguka, mpaka mwenyewe naye awe amevaa. Na mtazamaji hasemi “sawa” ili kumfurahisha mtu. Anasema alichokiona. Mama Kioo alinifanya nilirudie hilo kwa sauti mbele ya wote kama mtoto wa madrasa: nasema nilichokiona.

Sasa ngoja nikwambie habari ya Chiriku.

Chiriku alikuwa binti yake, bado hajaanza shule, na aliitwa hivyo kwa sababu ya maneno yake. Alikuwa anaishi kwa bibi yake, mama mzazi wa Mama Kioo, mji wa jirani. Baba yake sikuwahi kumsikia akitajwa. Wafanyakazi tuliolala ndani ya eneo la hospitali tulikuwa tumekubaliana kutogusana. Hakuna kupeana mikono, hakuna kukumbatiana, hata ukimpa mwenzako kikombe unakiweka mezani anakichukua. Ilikuwa sheria nzuri, na ilitukausha kama nguo kwenye kamba. Baada ya muda nikagundua kwamba naota ndoto za mtu kunishika bega tu.

Kila jioni Mama Kioo alikaa kwenye ngazi za jikoni na kupiga simu. Aliweka sauti ya nje, maana simu yake ilikuwa mbovu, kwa hiyo wote tulimfahamu Chiriku.

“Mama!”

“Abee, mama yangu.”

“Leo bibi amenipiga.”

“Umefanya nini?”

“Sijafanya kitu. Nimemwaga unga tu. Mama, utanibeba lini?”

“Nikimaliza kazi.”

“Mgongoni au kifuani?”

“Unapotaka.”

“Mgongoni. Halafu kifuani. Halafu mgongoni tena.”

Mpulizaji, aliyekuwa anakaa mbali kidogo akisafisha pampu, angedakia: “Chiriku, na mimi nibebwe!”

“Wewe mkubwa kama mnazi! Nani atakubeba?”

Simu ikikatika Mama Kioo hakuinuka mara moja. Alibaki ameweka mikono mapajani, viganja juu, kama mtu aliyekuwa anashika kitu kikachukuliwa. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakuwa anakwenda kuwaona hata siku moja. Akaniambia alikuwa akiona watoto sokoni, wa watu wasiomjua, akatamani kuwanusa vichwa. “Nikienda kwangu,” akasema, “sitaweza kusimama mbali. Najijua. Kwa hiyo nitakwenda mara moja tu, siku ambayo hakuna wa kunizuia.”

Siku hiyo ikapangwa. Aliandikiwa likizo. Angefanya zamu moja ya mwisho siku ya Alhamisi, na Ijumaa asubuhi bibi angemleta Chiriku getini, wapande basi la kurudi pamoja, watatu. Hukuhitaji kuambiwa ana furaha. Ungemwona anavyotembea.

Hapa lazima niseme jambo, na sitaomba radhi. Kwenye chumba cha kuvulia tulitakiwa kuwa na watazamaji wawili kila zamu, na ndani ya wodi mtu hakutakiwa kukaa muda mrefu kwenye joto lile. Mambo hayo yalikuwa yameandikwa. Tuliyadai, tukaambiwa tuwe wazalendo. Mtu akikuita shujaa ili asikupe mwenzako wa zamu, huyo anakudhulumu huku akikupigia makofi. Zamu ile ya Alhamisi mwenzake Mama Kioo aliamka na kuhara, akarudishwa kulala. Mama Kioo akaingia akafanya kazi za watu wawili.

Mle ndani kulikuwa na mtoto wa kike, umri wa Chiriku au kidogo zaidi. Alikuwa ameletwa amelegea, na wiki nzima hakuwa ametamka neno. Mama Kioo alipotoka wodini, alisimama upande wake wa mstari, ukungu wa pumzi umetanda kwenye miwani, akaniambia kabla sijamsomea hatua ya kwanza:

“Amekunywa kikombe kizima.”

“Yule mtoto?”

“Kizima. Halafu amesema. Unajua ameniambia nini? ‘Mbona wewe huna uso?’ Nikamwambia ninao, umefunikwa. Akasema, ‘Kesho ulete.’ Halafu akanyoosha mikono nimbebe. Nikambeba. Ni mzito. Watoto wazito jamani, nilikuwa nimesahau.”

Nilijua analia. Mtu akilia ndani ya miwani ile huwezi kuona machozi, unaona mabega. Chumvi ya jasho na machozi inakusanyika chini ya kioo cha miwani, inachoma, na huna la kufanya. Hilo nalo alitufundisha: acha ikuchome.

“Pumua kwanza, dada,” nikamwambia. “Hatuna haraka.”

“Soma.”

Nikasoma. Akanawa. Aproni, ameinama, safi kabisa. Akanawa. Kofia. Akanawa. Akainua kidevu mbele ya kioo chake mwenyewe, akaishusha zipu, akatoa mabega, glavu za nje zikaenda na mikono ya ovaroli, akakunja kuelekea chini. Ilikuwa kama kawaida yake. Mpulizaji alikuwa amesimama mlangoni na pampu mgongoni, anasubiri zamu yake ya kupuliza sakafu. Akanawa glavu za ndani.

“Miwani. Fumba macho, inama, vuta kutoka nyuma.”

Akafumba, akainama, akavuta. Miwani ikadondoka kwenye ndoo. Maji yote yaliyokuwa yamekusanyika mle yakamteremkia usoni, naye akafumbua macho yakiwa mekundu, anatabasamu chini ya barakoa. Niliona kwa jinsi mashavu yalivyopanda.

“Nawa—” nikaanza, nikitaka kumalizia: nawa mikono.

Mkono wake wa kulia ulishapanda. Alijifuta jicho kwa nyuma ya kidole, glavu ya ndani ikiwa haijanawishwa tangu iguse mpira wa miwani ile. Ilikuwa kama unavyojifuta wewe. Kama mama yeyote anavyojifuta akicheka na kulia.

Mkono ukakaa hewani. Akauangalia kwenye kioo, si moja kwa moja, kwenye kioo.

Maji ya bomba la ndoo yalikuwa yanadondoka. Kisha Mpulizaji akakohoa, akageukia ukuta, akaanza kuihangaikia pampu yake.

“Mimi sikuwa naangalia huko,” akasema. “Hii pampu inavuja. Mimi sijaona kitu, na mwanafunzi wa chuo naye macho yake mabovu toka zamani. Si ndiyo, mwanafunzi?”

Ilikuwa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli. Fikiri mwenyewe. Mgonjwa aliyebebwa alikuwa anapata nafuu, glavu ilikuwa imenawishwa mara nyingi kabla, mpira wa miwani ulikuwa chini ya kofia muda wote. Huenda hapakuwa na kitu. Na kesho asubuhi palikuwa na Chiriku.

Mama Kioo alinigeukia. “Umeona nini?”

Nikaitazama karatasi ya hatua mkononi mwangu.

“Kazi yako ni moja tu hapo ulipo,” akasema. Hakunifokea. “Umeona nini, mdogo wangu?”

“Umegusa jicho la kulia,” nikasema. “Kwa glavu ya ndani. Kabla ya kunawa.”

“Vizuri. Sasa tumalize. Soma.”

Na alimaliza. Hilo ndilo ninalotaka ulibebe, ukisahau mengine yote. Mtu ambaye angekuwa na haki ya kurarua kila kitu na kukimbilia bombani alisimama akanawa, akasubiri nisome. Akainamisha kichwa mbele, kamba ya chini, kamba ya juu. Akanawa. Akatoa buti. Akanawa. Akavua glavu za ndani, ya kwanza kwa nje, ya pili kwa ndani. Akanawa mikono mitupu. Kwa sababu ukikosea hatua moja na kuivuruga iliyobaki, umekosea zote. Ndipo akavuka kwenda kwenye sinki safi, nikamfungulia maji safi yasiyo na klorini, akainamisha kichwa upande na kuliacha jicho liwe chini ya maji, likiwa wazi, muda mrefu, mpaka kola yote ikalowa.

“Kamwite daktari,” akasema kutoka pale sinkini.

Daktari mkuu alikuwa mtu mwenye haki, nakiri. Alimkalisha nje, akavuta kiti mbali kidogo, akamwuliza kila kitu taratibu.

“Uwezekano ni mdogo,” akamwambia. “Nakwambia kama mwenzangu, si kama mgonjwa. Mdogo sana.”

“Najua, daktari.”

“Na asiye na dalili hamwambukizi mtu. Hilo nalo unalijua.”

“Nalijua. Na homa ikianza, inaanza saa ngapi?”

Daktari akainamia daftari lake.

“Inaanza na mtu amelala,” Mama Kioo akajijibu. “Na aliyelala kifuani kwake ni mtoto.”

Kwa hiyo akapelekwa kwenye nyumba ya uangalizi, kijumba cha chumba kimoja kando ya uzio, chenye kibaraza kidogo na kamba iliyofungwa kwenye nguzo, hatua kadhaa mbele ya kibaraza. Angekaa wiki tatu, akipimwa joto asubuhi na jioni. Nilitaka kupiga meza. Nilikwenda ofisini kuwauliza mtazamaji wa pili alikuwa wapi, mwenzake wa zamu alikuwa wapi, na nikaambiwa nipunguze jazba. Bado sijaipunguza.

Tulimpigia bibi simu jioni ile ili asije. Simu ilikuwa imezimwa. Mama Kioo alisema mama yake huizima ili chaji isiishe, na hasa akijua kesho ana safari. Akajaribu tena na tena, kisha akaiweka simu chini pale kibarazani, akaomba apewe blanketi.

Asubuhi nilimpelekea chai. Niliweka kikombe kwenye kigoda karibu na kamba, nikarudi nyuma, naye akaja akakichukua. Alikuwa amepimwa joto, hana kitu. Alikuwa amechana nywele zake, alizozikata fupi kwa ajili ya kofia, na kuvaa gauni lake la safari, sijui kwa nini, na sikumwuliza. Tulikuwa tunazungumza juu ya yule mtoto wa wodini, kwamba leo ameomba uji, ndipo nikasikia sauti upande wa getini, na sikuhitaji kugeuka.

“Mama yuko wapi? Bibi, mama yuko wapi? Yule? Yule si mama, mama ana nywele ndefu. Ni yeye! Mama!”

Mlinzi aliwaruhusu wapite njia ya nje, kuelekea kijumba, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia asiwaruhusu. Bibi alikuwa mwanamke mrefu mwenye begi kichwani. Mama Kioo aliinua kiganja chake, akaita kwa sauti kubwa:

“Mama, simama hapo! Mshike mtoto! Mshike!”

Bibi akasimama. Alielewa kabla ya kuambiwa, nilimwona usoni. Akainama kumdaka mjukuu, lakini begi lilikuwa kichwani, likaanguka, na Chiriku akachomoka. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alivaa kandambili za rangi mbili tofauti. Akafika kwenye kamba, akaitazama, akapita chini yake bila hata kuinama sana.

Nilikuwa karibu kuliko wote na sikuthubutu. Mikono yangu ilikuwa ya chumba cha kuvulia, na sheria yetu ilikuwa kutogusa mtu.

Mama Kioo akarudi nyuma. Alirudi hatua moja, akimwangalia mtoto, mikono ameificha mgongoni. “Simama, mama yangu. Simama hapo hapo nikuone.” Chiriku akacheka. Alidhani ni mchezo. Akanyoosha mikono, akapiga hatua, na mama yake akapiga nyingine kwenda nyuma, akapanda kibaraza kwa kisigino bila kuangalia, anazungumza wakati wote kwa sauti ile ya chini: umekua, nani amekusuka, umependeza, simama hapo. Na mtoto anakuja, anacheka kwa sauti, mikono juu, mgongoni halafu kifuani. Mama Kioo akaendelea kurudi, taratibu, bila kukimbia, mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Akaufungua kwa nyuma, akaingia, akaufunga.

Nilisikia komeo likiingia. Chiriku akafika, akaugonga mlango kwa viganja viwili, bado anacheka, akaita, “Nimekuona!” na kutoka ndani, chini kabisa ya mlango, kama mtu aliyekaa sakafuni, sauti ya mama yake ikamjibu, “Abee.”